Uzi: Mgeni akishaungua na jua husema amepata afya. Rangi ile khasa ni ya nini?

Mwongoza_Wageni_Nungwi
Assalaamu alaykum wanajukwaa. Kazi yangu ni kuwapeleka wageni baharini kutoka Nungwi, na kuna jambo limenikaa kichwani wiki nzima. Jumatatu alifika mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka Ulaya, akanieleza kwamba kabla ya safari alikwenda mara kadhaa kulala ndani ya kitanda cha taa kule kwao ili ngozi yake ianze kulizoea jua. Siku ile ile akalala mchangani tangu saa tano na nusu hadi saa saba na nusu mchana, bila mwamvuli wala mafuta ya kukinga jua. Usiku alikuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Jumanne hakuweza kuvaa chochote kinachogusa mabega. Alkhamisi akaanza kuwa wa kahawia, na leo Jumamosi mabega yanababuka, lakini amefurahi mno kwa sababu, kwa maneno yake, sasa anaonekana mtu mwenye afya. Naomba wenye elimu wanieleze ngozi hubadilika rangi kwa njia gani, na kama rangi ile kweli ni dalili ya afya. Sisi mtu akirudi shamba amekuwa mweusi humwambia "umeungua na jua", hatumwambii amenawiri.

Baharia_Mkoani
Wa alaykum salaam, kijana wangu. Mimi nimevua miaka thelathini na sita, na mikono yangu ni myeusi kuliko tumbo langu kama watu wawili tofauti. Sijawahi kulazwa hata siku moja. Jua humkomaza mtu na kuikaza ngozi yake, ndiyo maana mvuvi haumizwi nalo na mtu wa ofisini huumizwa. Huyo mama alikosa kwa haraka tu. Angejianika kidogo kidogo asingebabuka.

Mwalimu_Wete
Jambo hili ni jepesi. Ngozi ina rangi inayoitwa melanini, na joto la jua huipika rangi hiyo ikakolea, kama mkate unavyobadilika rangi ndani ya tanuri. Wazungu wana melanini kidogo, kwa hivyo mabadiliko huonekana upesi kwao. Joto likizidi, ngozi huungua badala ya kuiva.

Mpika_Mikate_Mwembeladu
Maalim, kwa heshima zote, mfano wako umeingia jikoni kwangu na sikubaliani nao. Nimesimama mbele ya tanuri miaka kumi na tisa, uso wangu hupata joto kubwa kuliko la pwani, na haujawahi kuwa mweusi kwa ajili hiyo. Ila marehemu mama yangu, aliyekuwa akikaa karibu na mafiga ya kuni kila siku, alipata weusi wa mabaka kama nyavu kwenye miundi ya miguu. Kwa hivyo sijui niseme joto halina kazi kabisa au lina kazi nyengine.

Muuguzi_Chake
Nimefanya kazi ya uuguzi wa ngozi kwa muda, mwanzo Bara na baadaye hapa Pemba, na ningependa kuanza na hoja ya Maalim kwa sababu wengi wanaamini hivyo.

Joto silo linaloleta rangi hii. Jua hutoa mwangaza tunaouona, joto tunalolihisi, na miale ya urujuanimno ambayo hatuioni wala hatuihisi, na ni hiyo ya mwisho inayofanya kazi hapa. Ndiyo maana mtu huungua vibaya ndani ya boti wakati wa kusi, upepo ukiwa baridi na yeye akidhani jua limelala. Nguvu ya miale hiyo hufuata urefu wa jua angani, si joto la hewa. Sisi tupo takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mnamo tarehe 9 Oktoba. Hata mwezi wa Juni, jua letu la saa sita likiwa chini kabisa, huwa juu kiasi sawa na jua la London katika siku yake ndefu kuliko zote. Alama rahisi ni kivuli: kikiwa kifupi kuliko wewe mwenyewe, miale ni mikali.

Dada wa Mwembeladu, mabaka ya nyavu ya marehemu mama yako ni jambo linalojulikana kwa watu wanaokaa karibu na moto miaka mingi. Lakini hayo hufuata mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi na huchora nyavu, hayaenei sawasawa kama rangi ya jua. Ni njia nyengine.

Sasa rangi yenyewe. Ndani ya kila seli ya ngozi mna vinasaba, ambavyo ni kama ukili mrefu uliosukwa kwa mpangilio maalumu. Miale mikali ya urujuanimno, ile ya kundi B, ikiupiga ukili huo, huwafanya makuti mawili yaliyo jirani yagandane yasipotakiwa kugandana. Seli ikitaka kuusoma au kuunakili ukili wake, hujikwaa hapo. Basi seli ina walinzi wanaoukagua ukili, na mmoja wao, protini inayoitwa p53, akiona magando yamezidi huamrisha seli itengeneze ujumbe wa kemikali na kuutoa nje. Ujumbe huo huzifikia seli za rangi zilizo chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, na hizo ndizo zinazoanza kutengeneza melanini na kuigawa kwa jirani zao. Kila seli inayopokea huipanga melanini juu ya kiini chake, upande wa jua, kama mtu aliyejifunika kofia. Kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu hadi ionekane, na ndiyo sababu mgeni wako alikuwa mwekundu Jumatatu na wa kahawia Alkhamisi.

Kwa hivyo, kaka wa Nungwi, rangi ile ni jibu la kengele, na kengele hailii mpaka kitu kimeharibika.

Mwanafunzi_wa_Tunguu
Ahsante, Bi Muuguzi. Naomba kuongeza ushahidi mmoja uliotushangaza darasani. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walipaka vipande vidogo mno vya vinasaba kwenye ngozi ya simbilisi, vipande vinavyofanana na vile ambavyo seli huvikata na kuvitupa inapotengeneza uharibifu wa jua. Ngozi ya wanyama hao ikawa nyeusi bila kupigwa na jua hata kidogo. Kisha mwaka 2007 watafiti wengine wakaonesha njia ile ya p53 aliyoieleza Bi Muuguzi. Bado sijaelewa kama hizo ni njia mbili au moja iliyotazamwa pande mbili, na mwalimu wetu naye hakutujibu moja kwa moja.

Mwalimu_Wete
Nimesahihishwa kuhusu joto na ninakubali. Lakini nina swali. Mimi nikikaa uwanjani skuli mchana mmoja tu, jioni ile ile huona uso umekuwa mweusi, sisubiri siku tatu. Hilo haliendi sambamba na maelezo ya seli kuanza kutengeneza rangi mpya.

Muuguzi_Chake
Swali zuri, na uliyoyaona ni ya kweli. Hapo ni miale ya kundi A, iliyo dhaifu zaidi lakini mingi. Hiyo huibadilisha melanini uliyo nayo tayari, ikakolea, na kuisambaza upya ndani ya seli. Huonekana ndani ya dakika chache, na sehemu kubwa huondoka baada ya saa chache. Hakuna melanini mpya iliyotengenezwa, kwa hivyo hakuna kinga iliyoongezeka. Na hili linatuleta kwenye vile vitanda vya taa alivyolala mgeni, kwani taa zake kwa kawaida hutoa zaidi miale ya kundi A. Mtu hutoka na rangi ya kupendeza akidhani amevaa ngao, naye hajavaa kitu cha maana. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilivitia vitanda hivyo mwaka 2009 katika kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na tumbaku. Kuwa kundi moja ni kwa uhakika wa ushahidi, si kwa ukubwa wa hatari.

Baharia_Mkoani
Binti yangu, nimesoma yote kwa utulivu. Mwenyewe umesema seli hujivika kofia. Mtu aliyevaa kofia yuko salama kuliko asiyevaa, na kuwa salama ni afya. Basi maneno yangu yalikosea wapi?

Muuguzi_Chake
Mzee wangu, nusu ya maneno yako ni sahihi na sitaki kuipoteza. Kofia ipo kweli. Tatizo ni wembamba wake na bei yake.

Tumchukue huyu mama wa Nungwi. Tuseme ngozi yake, bila kinga yoyote, huanza kuwa nyekundu baada ya dakika 15 za jua la saa sita hapa kwetu, jambo ambalo kwa mtu mweupe sana si ajabu. Rangi ya kahawia iliyokolea vizuri, ile halisi inayochukua siku kadhaa, humkinga kiasi cha mara tatu hivi. Dakika 15 zake zinakuwa 45. Yeye alilala saa mbili nzima, yaani dakika 120. Hata kama rangi aliyokuja nayo ingekuwa ngao kamili ya aina yake, angekuwa ameipita karibu mara tatu. Na ilikuwa rangi ya taa, kwa hivyo huenda hata hizo dakika 45 hakuwa nazo. Chupa ya mafuta iliyoandikwa SPF 30, ikipakwa ya kutosha, hufanya kazi mara kumi ya rangi hiyo, na haimtaki mtu aharibu kwanza vinasaba vyake ndipo apewe.

Kinga yako wewe, mzee, ni jambo jengine kabisa. Idadi ya seli za rangi kwako na kwa huyo mama ni karibu sawa. Tofauti ni kwamba vifuko vyako vya melanini ni vikubwa, vimetawanyika vizuri, na umezaliwa navyo. Hukuvipata kwa kuvua. Weusi wa mikono yako juu ya weusi wa asili ni kengele ile ile, ila kwako inalia kwa sauti ndogo.

Kofia_Pana
Naomba niseme nikiwa mtu mwenye ualbino, kwa sababu mimi ninaishi ndani ya swali hili. Kwangu mimi jua huharibu kama linavyoharibu kwa wote, na nadhani kengele hulia pia, lakini seli za rangi haziwezi kutimiza amri. Matokeo yake sipati rangi, napata wekundu, malengelenge, na baada ya miaka madoa magumu kwenye masikio na shingo ambayo tayari nimekatwa mawili. Nilipokuwa mdogo watu wazima walinishauri nijianike asubuhi na mchana ili "nipate damu" na ngozi "ifunguke rangi". Walinipenda, na ushauri wao umeniachia makovu. Sasa navaa mikono mirefu na kofia yenye ukingo wa pande zote, na ninapopata natumia mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi kwa ajili yetu.

Muuguzi_Chake
Pole sana, ndugu yangu, na ahsante kwa kulieleza vizuri kuliko mimi. Niongeze tu kwamba ualbino una aina zaidi ya moja. Aina iliyoenea zaidi Tanzania huacha kiasi kidogo cha rangi, ndiyo maana wengine wana nywele za manjano na madoadoa ya kahawia. Madoa hayo yasitafsiriwe kuwa ngozi inajenga kinga. Yanaonesha mahali palipopigwa na jua zaidi.

Bi_Mwani_Jambiani
Samahanini kwa kuingilia. Mimi ninalima mwani, na kila bamvua maji yakitoka mchana tunakaa saa nne au tano jua linatupiga juu na maji yanalirudisha chini. Uso wangu umeingia weusi mashavuni na juu ya mdomo wala hautoki. Nataka kujua krimu gani itanirudishia rangi yangu. Jirani ananishawishi ninunue ya kuchanganya dukani, na yeye imemtoa weupe wiki mbili tu.

Muuguzi_Chake
Dada yangu, umeuliza jambo jengine kidogo na uzi huu, lakini limefungana nao kwa fundo moja. Krimu nyingi za kuchanganya hutiwa zebaki au haidrokwinoni, na zote hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini. Maana yake kengele inalia, amri inatolewa, na wewe umewafunga mikono wanaovaa kofia. Kisha unarudi mwanini na ngozi isiyo na ngao. Zebaki nayo hupita ndani na kuumiza figo. Weusi wa mashavu na juu ya mdomo mara nyingi huletwa na jua pamoja na homoni, kwa mfano baada ya ujauzito au kwa vidonge vya uzazi, kwa hivyo tafadhali uonwe na mtu wa ngozi kabla ya kununua chochote. Kwa sasa ushungi uliotandwa mpaka mashavuni na kofia ya ukili juu yake vitakusaidia zaidi ya krimu.

Bi_Mwani_Jambiani
Ahsante. Bibi yetu alikuwa akijipaka liwa usoni kabla ya kwenda pwani, tukidhani ni urembo tu. Je, nayo inakinga?

Muuguzi_Chake
Ikipakwa nzito hufunika kiasi, kama udongo unavyofunika, lakini jasho na maji ya chumvi huiondoa upesi. Isikufanye uiache kofia.

Mzamiaji_Kizimkazi
Mimi nitaulizia upande wa mgeni. Kama rangi ni alama ya uharibifu, kwa nini watu walioelimika wameamini kinyume chake? Sidhani kwamba ni ujinga. Nadhani ni mambo ya hadhi: zamani kule kwao mweusi wa jua alikuwa mkulima, baadaye maskini wakaingia viwandani wakawa weupe, na mwenye nafasi ya kulala ufukweni akawa tajiri. Kwetu bado anayeungua ni mkulima na mvuvi, kwa hivyo tunasema kinyume.

Mwanafunzi_wa_Tunguu
Hadhi ipo, lakini na tiba ilichangia. Mwaka 1903 tabibu Niels Finsen wa Denmark alipewa tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Mwaka huo huo daktari Rollier alifungua zahanati huko Leysin, milimani Uswisi, akiwaanika wagonjwa wa kifua kikuu juani. Halafu ikagundulika kwamba jua huwaponya watoto wenye matege. Mtu aliyewaona wagonjwa wakirudi wa kahawia na wazima angeaminije vyengine?

Baharia_Mkoani
Hapo sasa! Matege huponywa na jua. Basi jua ni dawa, na rangi ni alama kwamba dawa imeingia.

Mwalimu_Wete
Mzee, nadhani dawa na alama vimechanganywa. Vitamini D hutengenezwa ngozini kwa miale ya kundi B, lakini mtu mweupe hupata ya kutosha kwa dakika chache tu, muda mrefu kabla hajawa mwekundu. Akiendelea kukaa, ngozi huanza kuivunja ile ya ziada. Rangi inayokuja siku ya tatu humzuia kuitengeneza zaidi, kwani melanini huimeza miale ile ile. Nimekosea, Bi Muuguzi?

Muuguzi_Chake
Hukukosea, Maalim. Swali gumu ni la watu weusi wanaofunika mwili wote na kukaa ndani, kwani wao huhitaji muda mrefu zaidi juani. Kiasi gani hasa kiwatoshe hapa kwetu, wataalamu hawasemi kwa sauti moja, na mimi sitajifanya najua.

Mpwa_wa_Mtambwe
Nimesita kuandika haya, lakini yanahusu. Ami yangu, mshoni wa kanzu anayekaa ndani siku nzima, alianza kuwa mweusi zaidi mwaka hadi mwaka. Watu wakamsifu kwamba rangi imekolea vizuri. Ilimwingia mpaka kwenye mistari ya viganja na ufizi, naye akawa anakonda, anachoka, anatamani chumvi. Mara mbili tuliambiwa ni uchovu tu. Alipozimia ndipo daktari mmoja alipomtazama ufizi na kusema tezi zilizo juu ya figo zimekufa.

Muuguzi_Chake
Huo ni ugonjwa alioueleza tabibu Thomas Addison mwaka 1855, na fundo lake ni lile lile. Tezi za juu ya figo zikishindwa, ubongo hutoa homoni nyingi za kuziamsha, na homoni hizo zimetokana na protini moja na ule ujumbe unaoziamsha seli za rangi. Kengele inalia bila jua. Rais Kennedy wa Marekani alikuwa nao, na rangi yake ya kahawia ilisifiwa kuwa ni ya kijana mwenye afya. Tofauti ya kuitazama ni hii: jua halifiki ufizini wala kwenye mikunjo ya viganja.

Mzamiaji_Kizimkazi
Basi mtu akijificha kivulini baada ya saa saba, uharibifu husimama hapo?

Mwanafunzi_wa_Tunguu
Si lazima. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliotazama seli za rangi zilizopigwa na miale ya kundi A, ukaona magando yale ya vinasaba yanaendelea kutokea gizani kwa zaidi ya saa tatu, na melanini yenyewe ndiyo iliyokuwa ikipeleka nguvu hiyo. Yaani kofia humkinga mtu na pia humuunguza, khasa melanini nyekundu ya watu weupe.

Muuguzi_Chake
Hilo ni kweli kwa jinsi lilivyoandikwa, ila tusiliongeze chumvi. Kipimo kilichofanywa kwenye seli hakituambii ni saratani ngapi zitatokea kwa watu. Kwa jumla melanini nyeusi bado hukinga zaidi ya inavyodhuru. Nami ninawaona wagonjwa wa ualbino, sina shaka na hilo.

Mwongoza_Wageni_Nungwi
Nashukuru sana nyote. Nilimwendea mgeni leo asubuhi na kumweleza habari za kengele kwa kadiri nilivyoweza. Alinisikiliza, kisha akanionesha pakiti ya vidonge anavyomeza kila siku kujikinga na malaria, imeandikwa doxycycline. Akauliza kama navyo vinahusika.

Muuguzi_Chake
Vinahusika, na afadhali umeuliza. Dawa hiyo huifanya ngozi iungue kwa jua dogo kuliko kawaida, khasa kwa miale ya kundi A. Asiiache ghafla kwa sababu ya ngozi, bali amwone daktari ambadilishie, na mpaka hapo ajifunike mikono na mabega, na asikae juani kuanzia saa nne hadi saa kumi. Mwambie pia aitazame migongo ya mikono na pua, ndiko kunakoungua zaidi.

Mwalimu_Wete
Basi hesabu ya dakika 15 ya Bi Muuguzi nayo imeharibika, maana hatujui sasa wekundu ule ulikuwa wa jua kiasi gani na wa vidonge kiasi gani.

Muuguzi_Chake
Imeharibika kweli, Maalim. Huenda zilikuwa dakika saba.

Baharia_Mkoani
Mimi bado nasema jua la alfajiri halina neno. Ila kesho nitakwenda na kofia, kwa sababu mke wangu amesomewa uzi huu wote na mjukuu.